Barafu ya sherehe: anza na chupa, si na wageni

*Habari kaka. Tuna kipaimara cha mtoto nyumbani, Majengo hapa Moshi, mwishoni mwa Desemba. Wageni 150, humo watoto kama 50, kuanzia saa saba mchana hadi saa moja usiku, uani chini ya turubai. Vinywaji tunachukua kwa wakala, vya moto. Nimeambiwa ninunue barafu nusu kilo kwa kila mgeni. Itatosha?*

Haitatosha, dada. Panga kilo 190. Nusu kilo kwa mgeni inafaa pale vinywaji vinapotoka kwenye friza vikiwa tayari vya baridi, na barafu inabaki na kazi ya kuvilinda tu. Vyako vinatoka stoo, na kupoza chupa ya moto ndiko kunakokula barafu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inavuta joto la kutosha kushusha lita 80 za maji kwa nyuzi moja. Kwa hiyo chukua lita za vinywaji vyote, zidisha kwa nyuzi unazotaka kushusha, kisha gawanya kwa 80. Jibu ni kilo za barafu. Soda na bia ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo hesabu inazikubali.

Tuifanye kwa shughuli yako. Mtu mzima kwa saa sita mpe chupa tano: mbili mapema, maana watu wanatoka kanisani na kiu, halafu zinapungua. Mtoto mpe tatu. Hizo ni chupa 500 za wakubwa na 150 za watoto. Ukichanganya maji na bia za nusu lita na soda ndogo, unapata karibu lita 290. Desemba hapa Moshi chupa iliyolala stoo chini ya bati ina kama nyuzi 28, na ya kunywa vizuri iwe na nyuzi 5, yaani unashusha nyuzi 23. 290 mara 23, gawanya kwa 80, ni kilo 83. Chupa za kioo nazo zina joto lake, ongeza sehemu moja ya kumi, ufike kilo 92. Mbege usiihesabu, hainywewi na barafu.

Hizo 92 zinapoza tu. Muda wa shughuli unaingia sasa, kwa njia ya vyombo. Diaba kubwa la lita 100 lililo wazi kivulini, kwa makadirio ninayotumia, linapoteza kama kilo 3 za barafu kila saa kwa sababu ya hewa ya joto peke yake. Utahitaji madiaba manne, na utayajaza mapema kabla wageni hawajafika, kwa hiyo hesabu muda wa saa saba badala ya sita. Nne mara tatu mara saba ni kilo 84. Jumlisha na zile 92 upate 176, weka na kidogo kwa ajili ya inayoyeyuka njiani, ndiyo 190.

Angalia hapo: karibu nusu ya fedha yako inaliwa na hewa. Diaba lililopigwa na jua la saa nane linaweza kupoteza zaidi ya mara mbili ya lile la kivulini, na kwenye sherehe nyingi nayakuta juani kwa sababu turubai limewekewa wageni tu. Yasukume chini ya mwembe au upande wa nyumba wenye kivuli, na yafunike kwa blanketi zito. Kuanzia saa kumi na moja, watu wakishapunguza kunywa, hamishia kila kitu kwenye madiaba mawili. Manne yenye barafu kidogo kidogo yanapoteza zaidi ya mawili yaliyojaa. Kama unaweza kuazima madeli yenye mifuniko ya kubana, tumia hayo kwa ile akiba ya mwisho.

Njia nyingine ya kupunguza ni friza za majirani. Chupa zikilala humo usiku mzima zikafika nyuzi 10, sehemu ya kupoza inashuka kutoka kilo 92 hadi kama 20. Ila usiache bia na soda humo hadi zigande, kioo kitapasuka. Na Desemba kila mtu amerudi nyumbani, friza nyingi zimejaa nyama. Omba wiki mbili kabla. Shughuli hii ingekuwa Arusha mjini, au Kibosho huko juu ambako stoo ina nyuzi 20, ungeshusha nyuzi 15 tu na sehemu ya kupoza ingepungua kwa theluthi.

Sasa kwenye kununua. Wauzaji wengi wanakupa kwa bonge au kwa ndoo, hawapimi. Ndoo ya lita 20 iliyogandishwa ikiwa bonge moja ina kama kilo 18. Ndoo hiyohiyo ikijazwa barafu iliyovunjwa ina 10 au 11, kwa sababu katikati ya vipande kuna hewa. Ukilipia "ndoo kumi" bila kuuliza ni za namna gani, unaweza kurudi na nusu ya ulichohitaji. Mabonge kumi na moja ya ndoo ya lita 20 yanakutosha. Yachukue asubuhi hiyohiyo, yafunike kwa magunia na maranda ya mbao, na uvunje kadiri unavyotumia: bonge linayeyuka taratibu, vipande vinapoza haraka. Yavunjie ndani ya gunia kwa nyundo, vinginevyo robo inaruka uani.

Saa sita mchana jaza madiaba. Kila moja linachukua chupa kama 60 na kilo 25 za barafu, halafu mimina maji hadi yafike shingo za chupa. Watu hukataa kuongeza maji wakidhani yanaharibu barafu. Barafu kavu inaigusa chupa sehemu chache tu, lakini maji yanaizunguka yote. Ndani ya nusu saa hadi dakika arobaini chupa ya nusu lita imepoa, wakati kwenye barafu kavu itachukua zaidi ya saa. Kuna wanaotia chumvi. Inapoza haraka kweli, ila barafu inaisha mapema, na maji ya kunywa yanaweza kuganda kwenye chupa. Kwa shughuli ya saa sita iache.

Mzunguko wa kwanza ni chupa 240, zingine zinaingia kadiri za kwanza zinavyotoka. Mhudumu azitie upande mmoja na kutoa upande mwingine, la sivyo mgeni anapewa iliyoingia dakika tano zilizopita: nje ina umande, ndani ya moto. Akoroge mara kwa mara. Vipande vikiwa bado vinaelea, maji yako karibu na nyuzi sifuri. Vikiisha, joto linapanda upesi, kwa hiyo aongeze barafu kabla havijaisha, asisubiri chupa zilalamikiwe. Maji yakizidi, achote yale yasiyo na vipande.

Barafu ya kuweka kwenye glasi isitoke humo. Hayo maji yameingiwa na mikono na vumbi la kreti. Gandisha kilo 10 hivi za maji yaliyochemshwa, kwenye vyombo safi vyenye mifuniko, na uweke kijiko chake.