MAGAZIJUTO na mtego wa vipeo

Nyie mnaoanza hesabu za mabano ndani ya mabano, ile MAGAZIJUTO mliyokariri (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) inasaidia ila kipeo hakimo kabisa, halafu mpangilio wake unafanya mtu aamini kujumlisha lazima kutangulie kutoa, na hapo ndo watu wanapigwa.

Chukua hii:

40 − 2 × [3 + (1 − 4)²] + 5

Anza mabano ya ndani kabisa, 1 − 4 = −3. Usifute mabano bado! Andika (−3)², kile kipeo ni cha −3 nzima, unapata 9. Sasa bado uko ndani ya mabano ya mraba kwa hiyo malizia humo, 3 + 9 = 12. Ukitoka nje imebaki 40 − 2 × 12 + 5, zidisha kwanza, 40 − 24 + 5, halafu twende kushoto kwenda kulia: 16, kisha 21. Jibu 21.

Nikisahihisha hii, jibu lenyewe linaniambia mtu kateleza wapi. Akileta 11 najua kajumlisha 24 + 5 kwanza sababu Ju iko mbele ya To, wakati kujumlisha na kutoa zina cheo kimoja, inayoanza kushoto ndo inafanywa kwanza. Akileta 57, kafuta mabano mapema akaandika −3², ikawa −9, maana bila mabano kipeo kinashika 3 tu na ile hasi inabaki nje. Akileta 69 huyo kagawa kipeo ndani, 1² − 4², akapata −15, na hiyo haifai kabisa, kipeo hakiingii ndani ya kujumlisha wala kutoa. Hizi mbili za mwisho unaweza kuzinasa mwenyewe: mabano yenye kipeo cha 2 hayatoi hasi kwa hizi namba zetu za kawaida, ukiona −9 au −15 pale rudi nyuma.

Kuhusu Ga na Zi wala usihangaike, nazo zina cheo kimoja ila ukitanguliza kugawanya jibu halibadiliki, 6 × 8 ÷ 4 ni 12 hata ukianza na 8 ÷ 4. Noma ni kutanguliza kuzidisha: 24 ÷ 4 × 2 ni 12, ila ukianza 4 × 2 unapata 3.

Na “mabano kwanza” maana yake ni kilicho ndani tu, namba iliyo mlangoni inasubiri. 2 × (1 + 4)² ni 2 × 25 = 50, wengi wanafanya 2 × 5 kwanza wanaishia 100.

Ukitaka kuhakiki kwa Excel kuwa makini, `=-3^2` inakupa 9, kwenye daftari ni −9, kwa hiyo andika `=-(3^2)`.