Barua ya kuomba michango ya ujenzi wa kanisa

"Mimi ni mchungaji, Masasi. Tunataka kujenga kanisa. Niandikeje barua ili washarika watoe na waamini hesabu zitakuwa wazi? Mradi uliopita uliacha manung'uniko."

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Barua ya kwanza iombe fedha za msingi tu. Tuseme fundi amekadiria shilingi 12,000,000 na mnazo 3,400,000: andika kwamba zinatafutwa 8,600,000, na kuta hazitaanza kabla hesabu ya msingi haijasomwa kanisani. Barua yenyewe isomwe malipo ya korosho yanapoanza kuingia, si Machi watu wakiwa hawana kitu.

Taja akaunti ya usharika yenye watia saini watatu, nawe usiwe mmoja wao. Simu yako isipokee mchango hata wa shilingi mia.

Sasa saruji. Niliwahi kuwa mhazini wa ujenzi. Fedha zetu zilitimia kabisa, lakini ugomvi ulizuka kwa mifuko ambayo watu waliileta wenyewe na hakuna aliyeiandika. Iliniuma sana. Kwa hiyo ahidi daftari la vifaa pia, na stakabadhi kwa kila mfuko. Ubaoni, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, isomeke hivi: imepokelewa 60, imetumika 41, imeganda kwa unyevu 2, imebaki 17. Ile miwili msiifiche, kwa sababu atakayehesabu stoo ataikuta pungufu na kudhani imeibwa. Na anayepokea mifuko asiwe ndiye anayemkabidhi fundi. Wote wawili watie saini.