Chora slaidi zako kwenye karatasi kwanza, kompyuta baadaye

Mwaka jana nilikaa na akina mama wanaoanika dagaa huku Kigoma, walikuwa wanaomba mkopo wa kujenga vichanja na walipewa dakika kumi tu za kujieleza mbele ya kamati. Katibu wao alikuwa ameshatengeneza slaidi 23 kwenye laptopu ya mwanae. Slaidi ya kwanza jina la kikundi, ya pili dira, ya tatu dhamira, ya nne historia, halafu orodha ya viongozi na picha zao, na vichanja vyenyewe vinatokea slaidi ya 17. Alipofanya mazoezi, dakika kumi zikaisha akiwa slaidi ya 11, yani hajataja hata anaomba nini.

Makosa yake hayakuwa ya uvivu, alikesha siku tatu. Shida ni kwamba ukifungua PowerPoint inakupa ukurasa wenye sehemu ya kichwa na chini yake sehemu ya kuandika vidoti, sasa na wewe unajaza vidoti, ukimaliza unaanza kuhangaika na rangi na fonti, na muda wote huo unaona slaidi moja kubwa mbele yako, zingine zimejikunja pembeni kama stempu. Huoni mtiririko. Na slaidi ukishaipamba inauma kuifuta, hata kama haina kazi.

Nikawaambia tuzime laptopu tuanze na karatasi. Watu wa filamu wanaita storibodi, wanachora kila tukio kwenye kiboksi kabla ya kushika kamera.

Chukua A4 ya kawaida, ikunje katikati mara tatu, ukiikunjua unapata vyumba 8, viwili kwa upana na vinne kwenda chini. Kila chumba kina upana wa sentimita 10 na nusu na kimo cha saba na kidogo. Slaidi za siku hizi ni za 16:9, ni pana zaidi ya hapo, kwa hiyo ukichora fremu ya slaidi ndani ya chumba inabaki kama sentimita moja na nusu chini. Usiiache tupu, hapo ndo unaandika kwa kifupi utasema nini kwa mdomo. Ukishachora fremu, kata kwenye mikunjo upate kadi nane, maana kadi unaweza kuzihamisha, karatasi nzima huwezi. Na tumia maka peni, sio kalamu ya wino, maka peni ni nene kwa hiyo maneno mengi hayaingii hata ukitaka.

Juu ya kila kadi andika sentensi kamili inayosema jambo, sio neno moja la kichwa cha habari. Katibu aliandika "Changamoto". Nikamuuliza changamoto gani mama, akanijibu vizuri kabisa, "mvua ikitukuta mchangani dagaa tuliowanunua alfajiri wanaoza." Basi hiyo hiyo ndo tukaiandika. Chini yake akachora mchanga, matone ya mvua na ndoo. Mchoro mbaya kabisa na hauna neno, kazi yake ni kukuonyesha picha gani itakaa pale.

Kadi ya pili ilikuwa ya hasara. Mweka hazina ana daftari, anaandika kila ndoo inayonunuliwa na kila ndoo inayotupwa, akataka kuliweka lote kama jedwali. Nikamwambia chora kwanza umbo tu, bila namba, unataka mtu aone nini? Akafikiri, akachora nguzo mbili, ndefu ya ndoo walizonunua masika na fupi ya zilizoharibika, akaipaka ile fupi weusi. Hapo jedwali likawa halina kazi tena. Mimi nimeshika kipimo hiki mpaka leo, kama huwezi kuichora chati kwa mkono bila namba, bado hujajua hiyo chati inasema nini, na kompyuta itakuchorea tu chati nzuri isiyosema kitu.

Ya tatu ni kichanja kwa ubavu, mbao, wavu juu, mishale ya hewa inayopita chini, na turubai la kufunika mvua ikija. Ya nne bei ya dagaa wasio na mchanga ukilinganisha na wenye mchanga. Ya tano kiasi wanachoomba.

Tukazipanga kadi kwenye mkeka uani, upepo wa ziwani ukawa unazipeperusha tukaweka vijiwe juu yake. Halafu nikamwita mama mmoja wa kikundi ambaye hakushiriki kuandika, nikamwomba asome sentensi za juu tu, kadi baada ya kadi, bila maelezo yoyote. Hili zoezi usiliruke. Sentensi zikisomwa mfululizo lazima zisikike kama mtu anasimulia, na msikilizaji akikwama mahali, pale ndipo pana shimo.

Alifika kadi ya tano akanyamaza, akasema, "sasa mwezi ukiwaka tunarejesha na nini?"

Kwa asiyejua, wavuvi wa dagaa huku wanavua usiku kwa taa, mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, boti zinapumzika siku kadhaa, na wanaoanika nao wanakaa. Mkopo wa kurejesha kila mwezi unaweza kukuangukia siku hizo. Kwenye zile slaidi 23 hili swali halikuwepo kabisa, kila slaidi ilikuwa imejaa kwa hiyo hakuna aliyeona pengo. Tukasogeza vijiwe, tukaweka kadi tupu ya sita, wakabishana karibu saa nzima, mwisho mweka hazina akachora kalenda, siku za giza kazipaka, na alama ya rejesho akaiweka siku chache baada ya giza kuisha. Ya saba ikawa nani anashika pesa na nani anasaini. Dira na dhamira zilikosa mkeka, waliziandika kwenye barua.

Kabla ya kukusanya kadi piga picha kwa simu ukiwa umesimama juu yake, zikichanganyika usianze upya.

Hapo sasa fungua kompyuta, lakini anza na sentensi tu. Kwenye PowerPoint nenda View halafu Outline View, andika sentensi ya kadi ya kwanza, bonyeza Enter, inakuja slaidi mpya, andika ya pili, mpaka ya saba. Picha na chati zinafuata baadaye. Karatasi haikwambii kama maandishi yataonekana na mtu wa nyuma ya ukumbi, hilo mpaka uwashe projekta na wewe mwenyewe ukasimame nyuma. Na kama unaandaa ripoti ya watu kusoma peke yao, kadi saba zitakuwa nyepesi mno, wasomaji watahitaji lile jedwali la daftari lenyewe.

Siku ya kamati katibu alitumia dakika tisa. Swali la kwanza likawa mtarejeshaje siku za mbalamwezi, akarudi slaidi ya sita akaonyesha kalenda. La pili lilihusu mbao, mtazitoa wapi na zitadumu miaka mingapi, hilo hatukuwa na kadi yake, mweka hazina akasimama akalijibu kwa mdomo.