Mshale wa vidoti kwenye vitabu vya zamani

"Kwenye michoro ya kupanga kazi za mradi, kitabu cha zamani kina mshale wa vidoti usio na siku. Darasani tunachora visanduku na haupo. Nani kakosea?"

Hakuna aliyekosea. Kitabuni kazi ni mshale unaotoka duara moja kwenda jingine, darasani kazi ni kisanduku na mshale unaonyesha tu nani anamngoja nani. Huo wa vidoti ni shughuli hewa, kama mfanyakazi hewa, ila huyu hali mshahara: siku 0.

Mfano: A kuchimba msingi siku 4, B kuleta mawe siku 6. C kusomba kifusi inangoja A tu. D kujenga msingi inangoja A na B. Ukimalizia A na B kwenye duara moja, C itaanza siku ya 6 badala ya 4, bure. Basi kila moja iishie kwenye duara lake, C ianzie kwenye la A na D kwenye la B, kisha vidoti vitoke mwisho wa A kwenda mwisho wa B. Ukivigeuza, C ndiyo itangoja mawe. Kwa visanduku, D inapokea mishale miwili, wa A na wa B, basi.

Anayesema kwamba vidoti ni vya kutenganisha kazi mbili zinazotoka duara namba 1 kwenda namba 2 zote yuko sahihi nusu. Hiyo ni sababu nyingine. Kisanduku cha "Mwanzo" chenye siku 0 ni kitu tofauti, ingawa mwalimu wangu alikiita shughuli hewa vilevile.