Wiki ya sita: mshono umefunga, ndoo bado

Juzi usiku dada mmoja wa Mbagala ameniandikia: "Dada, leo siku ya 16 tangu nitolewe uvimbe kwenye kizazi. Mshono umekauka vizuri kabisa. Naruhusiwa kufua?" Nikacheka, kisha nikashika tumbo, maana mimi mwenyewe kucheka bado kunanivuta. Mdogo wangu, swali lako hilohilo ndilo lililonirudisha hospitali wiki ya tatu.

Kwanza shukrani, maana nina deni. Waliochangia damu asubuhi ile, hamjui mlichofanya. Chupa mbili niliwekewa. Wenzangu wa kikoba mlileta supu ya kuku wa kienyeji mpaka friji ikagoma kufunga. Na jirani yangu wa hapa Tabata aliyekuwa akimpeleka mwanangu shule kila siku bila kuambiwa, wewe sina neno la kukulipa.

Operesheni yenyewe siisimulii. Niliingia, nikalala, nikaamka. Uvimbe ulikuwa mkubwa, hivyo walipasua tumbo kwa mkato wa kulala, chini kabisa, kama wa mama aliyejifungua kwa upasuaji. Siku iliyofuata nesi alikuwa ameshanisimamisha nitembee wodini, damu isije ikaganda miguuni. Siku ya nne nikatoka. Kutoka hospitali mpaka Tabata kwa bajaji, kila tuta nimekumbatia mto tumboni, na dereva wa watu anasema pole kila tuta.

Kabla ya kuruhusiwa, daktari aliniambia sentensi moja ambayo niliisikia bila kuielewa: "Usinyanyue kitu kizito kwa wiki sita, kisizidi kilo tano." Sasa nani nyumbani kwake anapima kwa kilo? Mimi nilidhani kitu kizito ni gunia la mchele au jiko la gesi na mtungi wake. Ndoo ya maji sikuihesabu, kwa sababu ndoo kwetu si mzigo, ni maisha.

Basi siku ya 19 maji yakatoka mtaani saa kumi na moja alfajiri. Kwetu yakitoka unakinga, hujui yatarudi lini. Mume wangu alikuwa zamu ya usiku. Na jioni ya jana yake ndugu mmoja, simtaji, alikuwa amekaa sebuleni kwangu anakunywa chai yangu akisema, "Sisi tumezaa kwa kisu watoto watatu, wiki ya pili tunachota maji. Nyie wa siku hizi mmezidi kudeka." Nilinyamaza kwa heshima. Lakini neno lilikuwa limeingia. Nikajitazama mshono kwenye kioo: mkavu, nyuzi zimeshatoka, hauna hata uwekundu. Nikasema mimi nimepona. Nikabeba ndoo mbili kutoka bombani mpaka jikoni, na ya tatu nikaishia mlangoni.

Sikuanguka. Ilikuwa kama kitu kimeachia ndani, upande wa kulia, halafu moto. Kufika mchana pale juu ya mshono pamevimba kiasi cha yai dogo. Nililia kwa hofu zaidi ya maumivu.

Hospitali daktari wala hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alinilaza chali, akaniambia ninyanyue kichwa bila kutumia mikono, akabonyeza. Akanisimamisha, nikohoe. Alikuwa anatafuta ngiri ya kwenye mshono. Akanieleza kwamba uvimbe wa ngiri kwa kawaida hutokeza ukisimama au ukikohoa, na mara nyingi hurudi ndani ukilala. Wangu ulikuwa haubadiliki. Wakapiga ultrasaundi, ikaonekana ni damu kidogo na majimaji yaliyokusanyika chini ya ngozi baada ya kujikaza. Hakuna kilichofumuka. Nipumzike, nisibinyebinye, na nikipata homa, au pakiwa pekundu na pa moto, au pakitoa usaha, nirudi siku hiyohiyo. Uvimbe ulinywea wenyewe kwa muda wa wiki mbili hivi.

Kisha akanichorea kwenye karatasi jambo ambalo ningependa kila mwanamke achorewe kabla ya kuondoka wodini. Tumbo limeshonwa kwa tabaka. Ngozi ni tabaka la juu tu, nayo hufunga ndani ya wiki mbili, ndiyo maana inatudanganya. Chini yake kuna utando mgumu unaoshika misuli ya tumbo, na huo ndio unaobeba kazi unapoinama, unapokohoa, unaponyanyua. Huo unachukua wiki nyingi kurudisha nguvu, na miezi kukomaa. Kwa hiyo unapouangalia mshono kwenye kioo unaangalia pazia tu, chumba huoni.

Na mzani nimeupata. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita tano lililojaa ndio mwisho wako. Ndoo ya lita 20 ni mara nne ya ulichoruhusiwa, na mimi nilibeba mbili na kuanza ya tatu! Mwanangu wa miaka mitatu ana kilo 14. Yeye ndiye mtihani mgumu kuliko ndoo, kwa sababu ndoo hailii ikitaka kubebwa. Nilichofanya ni kukaa kwenye kochi kwanza, apande mwenyewe, ndipo nimpakate.

Kitandani pia nilikuwa nainuka kama ninavyoinuka siku zote, kichwa mbele. Usifanye hivyo. Geukia ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono.

Jambo la pili nililokosea ni vidonge vya kuongeza damu. Nilikuwa nimevuja sana miezi ya nyuma, na pamoja na zile chupa mbili nilitoka hospitali damu ikiwa 8.6. Wiki ya tatu wakapima: 8.8. Nakula matembele, nakula maini, vidonge sikosi hata siku moja, damu haipandi. Daktari akauliza navinywa na nini. Na chai ya maziwa, ya asubuhi. Akatikisa kichwa: chai inashikilia madini ya chuma yasiingie mwilini, na maziwa nayo yanapunguza. Nikahamishia saa nne asubuhi, tumbo likiwa halina kitu, kwa juisi ya machungwa niliyokamua mwenyewe. Wiki hii imesoma 10.3. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke, ni vile vidonge. Kitakuwa kigumu pia, kwa hiyo maji mengi na papai, maana kujikaza chooni nako ni kunyanyua ndoo.

Hali yangu leo: natembea mpaka barabara ya lami na kurudi, kama dakika 25, bila kusimama. Jioni tumbo linavuta. Pembeni ya mshono pana ganzi, nimeambiwa itachukua miezi. Na mnaoniuliza mtoto wa pili lini, nyie ndio mnaonichosha kuliko operesheni. Nimeambiwa kizazi nacho kilishonwa, nisubiri angalau miezi sita, na wakati ukifika huenda nikajifungua kwa upasuaji. Zaidi ya hapo ni mambo ya chumbani kwangu.

Yule ndugu alikuja tena Jumapili. Nilimwambia shikamoo, nikamkaribisha, na chai aliitenga mwenyewe.

Sasa kufua, mdogo wangu. Soksi na chupi, sawa, ukiwa umekaa kwenye kiti, beseni juu ya stuli, maji umeletewa kidogokidogo kwa kopo. Shuka na jinzi zilizolowa waachie wengine, na kukamua kabisa usijaribu, maana ukikamua nguvu inatoka palepale tumboni.