Vitufe viwili kwenye nyuzi: kuisoma chaji kutoka kwenye pembe

Mwalimu, vitufe viwili vya gramu 0.10 kila kimoja vimening'inizwa kwenye nukta moja kwa nyuzi za sentimita 50. Vimepewa chaji sawa, pembe kati ya nyuzi ikawa digrii 20. Kila nikikokotoa napata 68 nC, kumbe jibu ni 24. Nakosea wapi?

Hiyo 68 inanionyesha ulipokwama: umeingiza digrii 20 nzima kwenye hesabu. Chora mstari wa wima kutoka kwenye nukta ya kuning'inizia. Unaigawa pembe katikati, kwa hiyo kila uzi umeegama digrii 10 tu. Hiyo ndiyo θ yako.

Sasa tazama kitufe kimoja peke yake. Uzito unakivuta chini, uzi unakivuta juu kwa mshazari, na mwenzake anakisukuma pembeni kwa kani F. Kimetulia, basi sehemu ya wima ya mvutano wa uzi inabeba uzito, na sehemu yake ya mlalo inazuia msukumo. Ukigawanya moja kwa nyingine, mvutano wa uzi unajifuta wenyewe na huna haja ya kuujua:

F = mg tan θ

Weka tarakimu: 0.00010 × 9.8 × tan 10° = 1.73 × 10⁻⁴ N. Umbali kati ya vitufe ni r = 2L sin θ = 2 × 0.50 × sin 10° = 0.174 m. Kisha kanuni ya Coulomb, F = kq²/r², inakupa:

q = r√(F/k) = 0.174 × √(1.73 × 10⁻⁴ ÷ (8.99 × 10⁹)) = 2.4 × 10⁻⁸ C

Ndiyo 24 nC. Angalia kwamba θ imeingia mara mbili, kwenye kani na kwenye umbali. Ndiyo maana kosa la kutoigawa pembe halikukupa jibu mara mbili, limekupa karibu mara tatu.

Nilidhani kitufe chenye chaji kubwa kitasukumwa kidogo na chenye chaji ndogo kitasukumwa mbali. Mbona nyuzi zinaegama sawa?

Kwa sababu msukumo ni mmoja kwa wote wawili. Kile kikubwa kinamsukuma mdogo kwa kani ileile ambayo mdogo anamsukuma nayo. Kinachotofautisha mwegamo ni tungamo, si chaji. Kama nyuzi zina urefu sawa na zimefungwa nukta moja, m₁ sin θ₁ = m₂ sin θ₂, chaji ziwe zozote. Kitufe chepesi ndicho kinachokwenda mbali.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Pembe peke yake haikupi chaji ya kila kitufe, inakupa zao la chaji mbili. Digrii 20 za swali la kwanza zinaweza kutoka kwa 24 na 24, lakini pia kwa 48 na 12, maana zao ni 576 katika hali zote mbili. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Njia ipo, mradi vitufe vinapitisha umeme na vina ukubwa sawa. Vigusanishe kwa kushika nyuzi, juu kabisa, si vitufe vyenyewe, kisha viachie. Chaji zitagawana sawasawa: 48 na 12 zinakuwa 30 na 30. Zao sasa ni 900, na pembe inafunguka kutoka digrii 20 hadi kama 23. Isipobadilika, zilikuwa sawa tangu mwanzo. Ikibadilika, kipimo cha pili kinakupa jumla (60) na cha kwanza kinakupa zao (576), na hesabu ya kawaida ya kutafuta namba mbili inamaliza kazi.

Tulipojaribu maabara, pembe ilikuwa inapungua huku tunaisoma. Tatizo ni kipimapembe?

Hapana, chaji inavuja. Mara nyingi njia yake ni uzi wenyewe: pamba inanyonya unyevu wa hewa, na jasho la vidole vilivyofunga fundo linaacha chumvi inayopitisha umeme. Tumieni nailoni nyembamba, kausheni kwa hewa ya moto kabla ya kuanza, na msiishike sehemu ya chini.

Msidanganywe na kasi ya pembe, kwani inapungua polepole kuliko chaji. Ikishuka kutoka digrii 20 hadi 12.6, utasema theluthi moja tu imepotea, kumbe nusu nzima ya chaji imeshakwenda.

Kuhusu kipimapembe, mimi nakiweka kando kabisa. Kukosea digrii moja kati ya 20 kunakupa kosa la asilimia 7 au 8 kwenye chaji. Afadhali kupima umbali. Wekeni rula nyuma ya vitufe, simamisheni simu mbali kiasi na kwa kimo cha vitufe, mpige picha mara tu vinapotulia. Someni r kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine, si kutoka ukingo hadi ukingo, na sin θ mtaipata kwa r ÷ 2L. Rula ikiwa nyuma kidogo, umbali utasomeka mkubwa kuliko ulivyo, kwa hiyo isogezeni karibu bila kugusa.

Naweza kutumia gololi za chuma za kipenyo cha sentimita 1 badala ya vitufe vyepesi?

Utasubiri pembe ambayo haitakuja. Gololi hiyo ina gramu 4 hivi, mara 40 ya vitufe vya swali la kwanza. Ili nyuzi zilezile zifunguke digrii 20 ungehitaji chaji ya zaidi ya 150 nC kwa kila gololi, na hewa haitaruhusu. Uga wa umeme ukifika takribani volti milioni 3 kwa mita, hewa yenyewe inaanza kupitisha umeme na chaji inatoroka. Kwa gololi ya ukubwa huo, kiwango hicho kinafikiwa kwenye 8 nC hivi. Kwa chaji hiyo zitaachana sentimita 2 na kidogo tu, na zikiwa karibu hivyo chaji zinakimbilia pande za nje, kwa hiyo hesabu ya kuzichukulia kama nukta inaanza kupotoka.

Ndiyo maana tunatumia vitufe vya povu vilivyopakwa grafiti. Kwa 24 nC chagua kipenyo cha sentimita 2, ambacho kwa povu jepesi bado kinakaa karibu na gramu 0.10. Pima tungamo baada ya kupaka, si kabla.

Pembe inaweza kuniambia kama chaji ni chanya au hasi?

Haiwezi. Hasi mbili zinasukumana sawasawa na chanya mbili. Sugua bomba la plastiki la PVC kwa kitambaa cha sufu, linapata chaji hasi, kisha lilete taratibu kutoka mbali. Kitufe kikikimbia, nacho ni hasi. Amini mwendo wake wa kwanza, bomba likiwa bado mbali. Likisogea karibu mno linaweza kukivuta hata kitufe chenye chaji ya aina yake, kwa sababu linazihamisha chaji ndani ya kitufe.