Aliyekombolewa angali hai: mbona bado anaumwa?

*Namaste Panditji. Tunafundishwa kwamba mtu anaweza kupata moksha, ukombozi wa kutozaliwa tena, akiwa bado hai, aitwe jivanmukta. Lakini Ramana Maharshi, mtakatifu wa India anayehesabiwa kuwa mmoja wao, alikufa kwa saratani. Kama karma zake zilikuwa zimekwisha, maumivu yale yalitoka wapi? Na mtu kama huyo nitamtambuaje?*

Namaste ndugu yangu. Karma zake hazikuwa zimekwisha zote, na hapo ndipo fundo lilipo.

Walimu wa Advaita, mafundisho ya kwamba ukweli ni mmoja tu, hugawa karma, yaani matendo na matunda yake, mafungu matatu. Lipo limbikizo la maisha mengi yaliyopita, sanchita. Zipo zile ambazo mtu angeendelea kuzichuma kuanzia leo, agami. Na lipo fungu ambalo limekwisha kuanza kuzaa matunda, prarabdha, na mwili huu ulio nao ndiyo tunda lake. Mtu anapotambua kwamba Atma yake, nafsi ya ndani kabisa, na Brahman, ukweli mkuu wa vyote, ni kitu kimoja, limbikizo huungua, na matendo mapya hayamgandi kwa sababu hayupo tena anayesema "mimi ndiye niliyetenda". Fungu la tatu halifutwi. Shankara, mwalimu mkuu wa Advaita, anatoa mfano wa gurudumu la mfinyanzi: chungu kimekamilika, mkono umeondolewa, gurudumu linazunguka hadi nguvu liliyosukumwa nayo iishe. Chandogya Upanishadi, andiko takatifu la kale, nayo inasema anayejua hukawia kwa muda ule tu ambao hajafunguliwa kutoka mwilini.

Sasa mtazame Ramana mwenyewe. Mapema mwaka 1949 alitolewa uvimbe mdogo karibu na kiwiko cha mkono wa kushoto. Ukarudi. Akapasuliwa tena na tena mwaka huohuo, na madaktari walipopendekeza mkono ukatwe, alikataa. Mwili uliuma kama unavyouma mwili wowote, na hakudai vinginevyo. Lakini hadi siku yake ya mwisho, tarehe 14 Aprili 1950, alisisitiza waumini waliopanga foleni waruhusiwe kupita mbele yake kupata darshan, baraka ya kumwona. Maumivu yalikuwepo, aliyekosekana ni mtu wa kuyaita "yangu" na kuanza kulalamika. Miaka ya nyuma, kabla ya mwili kumchosha, alikuwa akiamka alfajiri kukata mboga jikoni pale ashramu ya Tiruvannamalai, na kazi mbovu hakuipenda. Kwa hiyo ukidhani jivanmukta ni mtu wa kukaa kama gogo, umekosea.

Lakini usichukulie kwamba kujua ukweli na kutulia ni jambo moja. Vidyaranya, aliyeandika kitabu kizima juu ya jivanmukti katika karne ya 14, anamtaja Yajnavalkya. Huyu ni mwalimu mkubwa wa Brihadaranyaka Upanishadi, anayemjua Brahman bila shaka. Hata hivyo katika baraza la mfalme Janaka, ng'ombe elfu moja walipotolewa kwa mjuzi kuliko wote, alimwambia mwanafunzi wake awaswage kwenda nyumbani kabla mjadala haujaanza! Alipoulizwa kama kweli ndiye mjuzi, akajibu kwamba yeye anamheshimu aliye mjuzi, ila anachotaka ni ng'ombe tu. Mimi hucheka kila ninapofika hapo. Vidyaranya anaona katika kisa hiki kwamba mazoea ya zamani ya nafsi, vasana, yalikuwa hayajafifia: ujuzi ulikuwepo, utulivu bado. Ndiyo maana anasema pamoja na ujuzi lazima vasana zimalizwe na akili itulizwe, na ndiyo maana, kwa maelezo yake, Yajnavalkya baadaye aliacha nyumba na mali.

Kuhusu kumtambua, Arjuna aliuliza swali lako hilohilo katika sura ya pili ya Gita: mwenye hekima thabiti husemaje, hukaaje, hutembeaje? Krishna hakumtajia vazi wala miujiza. Alimtajia mtu aliyeacha tamaa za moyoni, asiyetikisika katika huzuni, asiyeifukuzia raha, aliyeachana na woga na hasira. Haya yako ndani, wewe wa nje huyaoni vizuri. Shankara anaongeza kwamba sifa hizi, ambazo kwa aliyefika huja zenyewe, kwa anayetafuta ndizo mazoezi ya kufanya. Kuna alama moja tu ya nje ninayokuhimiza uiangalie: akitokea mtu anayesema yuko juu ya mema na mabaya, kisha anafanya anavyotaka na pesa au wake za watu, Sureshvara, mwanafunzi wa Shankara, alishamjibu. Aliuliza, kama mjuzi anaweza kufanya lolote, ana tofauti gani na mbwa katika kula najisi?

Kama nyumbani kwenu mnamfuata Ramanuja, mwalimu aliyepinga mafundisho ya Shankara, wazee watakupinga. Yeye alikataa kabisa jivanmukti: kuwa na mwili ndiko kufungwa kwenyewe, na moksha huja mwili ukishaachwa. Shankara, kwa upande wake, anauliza: mtu akijijua moyoni mwake kuwa ni Brahman huku angali na mwili, mwingine atamkanushaje?